Mwenyewe Ndiye Anayesema Yupi

Kabla sijasoma ngumbaru nilikuwa na neno moja tu la kuuliza, nalo ni gani. Nililitumia kama chumvi. Nyumba gani, saa gani, mtu gani, mambo gani, bibi ya nani gani. Wenzangu wote wa mjengo walikuwa hivyo hivyo. Kitengela ya miaka ile ya tisini ilikuwa inajengwa mchana kutwa, na mimi nilikuwa fundi wa mawe, nimetoka upande wa magharibi na mwiko mmoja na shati mbili, nikapanga chumba karibu na barabara ya Namanga. Nyuma ya chumba changu kulikuwa na uwanda mtupu, na asubuhi nyingine ukifungua mlango unakuta pundamilia wamesimama pale wakikutazama kama majirani wanaodai sukari. Udongo wenyewe ni ule mweusi. Ikinyesha, ukitembea kutoka chumbani hadi kioski unafika ukiwa mrefu kuliko ulivyoondoka, maana nyayo zimebeba nusu ya shamba la mtu.

Siku moja mama mwenye nyumba niliyokuwa nikiijenga alinielekeza kuziba dirisha moja. Nikamuuliza, dirisha gani? Akanijibu kwamba ni la chuma. Madirisha yalikuwa sita na yote ya chuma. Nikasimama pale na karai la simiti iliyokuwa ikikauka, yeye akashangaa kwa nini sifanyi kazi, na mimi nikashangaa kwa nini hanijibu. Alikuwa amenijibu vizuri sana. Ni mimi niliyeuliza aina wakati nilikuwa nataka kuonyeshwa moja kati ya sita. Lakini hilo nilikuja kulielewa baadaye, darasani, na aliyenifundisha ndiye ninayetaka kumweleza hapa.

Darasa letu la watu wazima lilikuwa katika shule ya msingi, jioni baada ya watoto kwenda nyumbani. Tuliketi kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu. Tulikuwa watu wa kila namna: wafanyakazi wa viwandani wanaokodi vyumba kama mimi, dereva wa trekta, mama wawili wa mboga, na Wamaasai waliotoka maboma ya karibu. Kati ya hao Wamaasai wawili sitawasahau. Mmoja alikuwa mswagaji, kazi yake ni kuwatembeza ng'ombe wa wafanyabiashara kutoka minadani mpaka kichinjioni, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kuamsha mtaa. Wa pili alikuwa mama mzee aliyeuza maziwa kwa wapangaji. Sote tulimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa. Alikuja darasani na mtungi wake mtupu, akauweka chini ya dawati, akasoma huku akiukanyaga kidogo usianguke.

Walimu wawili walikuwa wametuacha kabla. Wa kwanza alisema vumbi linamla kifua. Wa pili hakusema kitu, alipotea tu. Wa tatu akawa binti mmoja aliyetoka magharibi kama mimi, mwembamba, na sauti iliyofika hadi barabarani. Alikuwa wa majaribio. Ofisi ya elimu ya watu wazima Kajiado ilikuwa imemwambia kwamba afisa atakuja kumtazama akifundisha, na baada ya hapo ndipo itaamuliwa kama atapewa kazi au atatafutwa mtu mwingine. Hakutuficha. Alituambia waziwazi siku ya kwanza, na nafikiri ndiyo sababu tulimpenda. Mtu akikuambia hofu yake, unakuwa kama umebebeshwa mtoto, huwezi tena kumwacha chini.

Na alifundisha. Wale wawili wa kwanza walikuwa wanaandika ubaoni na sisi tunanakili kama watu wanaochora ramani ya nchi ya kigeni. Huyu alichukua vitu vilivyo mbele yetu. Jioni aliyofundisha kuuliza, alianza na mimi. Akaniuliza kazini huwa naagiza nini. Nikasema mawe. Akasema, basi ukifika kwa muuza mawe, ukimuuliza “mawe gani,” unataka akwambie nini? Nikajibu, kama ni ya kukatwa na mashine au ya kuchongwa kwa mkono. Na ukishalipa, malori matatu yako pale, unauliza nini? Nikasema, nauliza nipakie mawe gani. Darasa likacheka, maana hata wao walisikia kwamba hapo swali limechoka.

“Unauliza mawe yapi,” akasema. “Jiwe lipi, mawe yapi. Ukuta upi, kuta zipi. Kiti kipi, viti vipi. Mti upi, miti ipi. Nyumba ipi, nyumba zipi.”

Akatueleza kwamba gani ni kama mpangaji asiye na jamaa, anakaa na jina lolote bila kubadilisha nguo, liwe moja au yawe mengi. Nini naye yuko peke yake, hahitaji jina la kumshika mkono: unataka nini, umebeba nini, huyu anasema nini. Lakini pi ni ndama. Hawezi kutembea bila mama yake, na ukimwona tu kichwani, ile ki au li au zi, unajua ametoka kwa mama yupi. Tena pi hauliziwi hewani. Kuna vitu vinajulikana viko pale, na wewe unataka mtu akutengee kimoja au kadhaa. Kama hakuna vitu, hakuna pi.

Yeyo akauliza kuhusu ng'ombe. Alikuwa amesikia kwamba nyumba ni ipi, akadhani ng'ombe naye ni ipi. Hapo kusema kweli sote tungesema ng'ombe ipi, hata mimi, hata dereva wa trekta ambaye alijiona profesa. Mwalimu akasema hapana, chochote chenye uhai na kinachotembea kinahesabiwa pamoja na mtu. Ng'ombe yupi, ng'ombe wepi. Yeyo alifurahi kwa jambo hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufundishwa. Alimgeukia mswagaji na kumwambia kwa Kimaa, halafu akatutafsiria, kwamba Kiswahili nacho kina akili, kimejua ng'ombe si kitu.

Nadhani mwalimu aliona ile furaha, na ndiyo ikamfanya aandae somo la afisa kwa kutumia ng'ombe.

Afisa alifika jioni moja yenye upepo. Alikuwa mzee mnyamavu, aliyekulia mashambani upande wa Illasit, na koti lake lilikuwa limekakamaa kwa vumbi la safari. Akasalimia kwa Kiswahili, akasalimia kwa Kimaa, akajikunja kwenye dawati la nyuma kabisa na kutulia. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

Akaanza vizuri. Akarudia gani, akarudia nini, tukajibu kama bendi. Halafu akamgeukia yeyo kwa tabasamu kubwa.

“Yeyo, wewe una ng'ombe nyumbani. Ng'ombe yupi anakupa maziwa mengi?”

Yeyo akatazama mtungi wake. Mwalimu akarudia, polepole zaidi. Yeyo akashika ukingo wa dawati. Mwalimu akahamia kwa mzee mwingine aliyekuwa na boma kule Isinya, akamuuliza kati ya ng'ombe wake, ni yupi mkubwa, ni wepi wamezaa. Yule mzee akatazama paa. Akamwuliza wa tatu. Huyo akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa kirefu kama treni ya Magadi.

Mimi nilikuwa nimeketi kando nikiwa nimeshika magoti yangu. Nimeshuhudia ukuta ukianguka mara mbili maishani na mara zote mbili kulikuwa na kimya kidogo kabla. Kilikuwa kimya kile kile. Niliwaza, hawa watu jana walilijua somo hili kuliko mimi, leo wamepatwa na nini? Mwalimu naye alidhani hawakuelewa. Akaenda ubaoni, akaandika yupi, akaandika wepi, chaki ikakatika. Akaeleza upya. Akarudi tena kwa yeyo na swali lile lile, na sauti yake iliyokuwa ikifika barabarani sasa haikufika hata dirishani.

Aliyevunja kimya ni mswagaji.

“Mwalimu,” akasema, “unanunua?”

Darasa likacheka, lakini kicheko cha upande mmoja. Waliocheka ni Wamaasai. Sisi wengine tulikuwa tunatazamana.

“Sinunui,” mwalimu akasema. “Nauliza tu.”

“Mimi niko na kazi ya ng'ombe,” mswagaji akaendelea, na hakuwa anamdhihaki, alikuwa anajaribu kumwokoa. “Watu wanauliza yupi ni watatu. Mwenye kununua, mwenye kuiba, na serikali.” Kisha akakumbuka kwamba serikali ilikuwa imeketi nyuma yake, akaufyata.

Yeyo ndiye aliyeinua uso. Aliongea taratibu, akitafuta kila neno mfukoni kabla ya kulitoa. Alisema kwamba swali halikuwa gumu. Swali alilielewa sana. Lakini kwao, mgeni akifika bomani haulizi yupi. Yupi ni kuingia ndani ya ng'ombe wa mtu na kuwatenga mmoja mmoja kwa mdomo, mbele ya watu, na ng'ombe aliyetengwa hivyo ni kama ameshaanza kuondoka. Hata kuwahesabu hawahesabiwi. Mgeni anauliza kwa jumla: ng'ombe wako wazima, wanakula vizuri, ni ng'ombe gani mnafuga huku. Anajibiwa hata mpaka jua litue.

“Mgeni anauliza gani,” yeyo akamaliza. “Mwenyewe ndiye anasema yupi, siku akitaka.”

Nimelifikiria neno lile kwa miaka, nikiwa juu ya ngazi, nikiwa nimebeba jiwe. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba gani inauliza sifa na pi inatenga kimoja kati ya vilivyopo. Wale wazee walikuwa wamemwelewa kabisa, na kwa sababu walimwelewa, walinyamaza. Kama angekuwa amefundisha vibaya wangemjibu.

Sasa hapo mtu mwingine angelia, au angerudi kwenye mifano ya kitabu, ya Juma ana maembe. Mwalimu aliiweka chaki mezani. Kisha akamwomba yeyo radhi, kwa heshima, kama anayemwomba mama mkwe. Akasema atauliza upya. “Yeyo, mna ng'ombe gani kwenu?”

Lo. Ikawa kama milango ya bwawa imefunguliwa. Yeyo alieleza mweusi mwenye tumbo jeupe, akaeleza wa kijivu mwenye madoa kama mvua ya kwanza kwenye vumbi, akaeleza mwekundu mwenye pembe iliyoangalia chini kwa aibu. Yule mzee wa Isinya akaacha kutazama paa, akadakia. Aliyekuwa akikohoa akapona. Sikujua kwamba ng'ombe anaweza kuwa na rangi nyingi vile, naapa walitaja rangi ambazo hata duka la rangi la Kitengela halina. Na wote walisema ng'ombe mweusi, ng'ombe mwekundu, hakuna aliyesema nyeusi, maana waliona fahari kwamba Kiswahili kimewapa heshima ya mtu.

Mwalimu aliwaacha mpaka wakapungua wenyewe. Kisha akauchukua mkoba wake na kuumwaga mezani. Vyote. Vitana viwili, kalamu tatu, funguo, gazeti la jana na la juzi, machungwa, hata leso iliyoshonwa kiraka. Akasema, “Hivi ni vyangu. Mimi ndiye mwenyewe. Niulizeni kipi, niulizeni lipi, niulizeni mnavyotaka.”

Halafu mama mmoja wa mboga akauliza, mwalimu, unatumia kitana kipi? Akamwonyesha. Dereva wa trekta akauliza gazeti lipi ni la juzi. Mimi nikauliza ufunguo upi ni wa nyumba, na mswagaji akasema kwa sauti kwamba sasa fundi ameonyesha nia yake, wanafunzi wakafa kwa kicheko na mimi nikawa mwekundu kama yule ng'ombe wa pembe. Machungwa yapi matamu. Kalamu zipi zimeisha wino. Kila aliyeuliza alilichukua swali lake kwa uangalifu, akamwangalia mwalimu kwanza kama anayepiga hodi. Sijawahi kuona watu wakiuliza kwa adabu vile kuhusu vitu vya bei ndogo hivyo.

Kengele ya kufunga ikagongwa. Afisa akajinasua kutoka kwenye dawati, akaja mbele, na tukajua kwamba sasa ni sasa. Hakusema kama somo lilikuwa zuri au baya. Alisema ofisi yake ina kazi ya kupanga walimu katika wilaya nzima, na kwamba katika madarasa aliyopitia wengi walilalamikia walimu wageni wasiojua mila za mahali. Alisema amesikia leo mwalimu ameuliza jambo lisiloulizwa. Mwalimu alikuwa akirudisha vitu mkobani, kimoja kimoja, bila kuinua kichwa.

“Kwa hiyo nataka nisikie kwenu,” afisa akasema. “Mnataka niwaletee mwalimu gani?”

Mimi mwenyewe nilitaka kujibu, na nilikuwa na sifa tele mdomoni: mpole, mwenye sauti, asiyepotea. Lakini nikaona kwamba kila sifa ningeitaja ingekuwa inamfungulia afisa njia ya kutuletea mwingine wa kufanana naye. Ni lile dirisha la chuma, limerudi.

Yeyo akasimama. Mtungi ukaanguka, ukavingirika mpaka ukutani, hakuugeukia.

“Usiulize gani,” akamwambia afisa. “Uliza mwalimu ipi.”

“Yupi, yeyo,” mswagaji akamnong'oneza kwa nguvu iliyosikika Athi River. “Mwalimu anatembea.”

“Yupi basi,” akasema yeyo. “Uliza yupi.”

Afisa alikuwa mtu wa Umaasaini, na nafikiri alijua kabisa anachoambiwa, na ni nani anayekiomba. Akavua kofia.

“Haya, yeyo. Mnataka mwalimu yupi?”

Yeyo hakunyoosha kidole. Aliinua kidevu tu kuelekea mezani, pale alipokuwa yule binti na leso yake ya kiraka mkononi.

“Huyu,” akasema.

Na sisi nyuma yake tukasema huyu, si kwa pamoja kama bendi, kila mtu kwa wakati wake, kama mawe yanayopakuliwa. Afisa akarudisha kofia kichwani. Alimwambia mwalimu afike Kajiado Jumatatu, aje na vyeti vyake, kisha akatoka nje kwenye upepo akitafuta gari la kurudi. Mwalimu akaketi kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili na kuificha sura yake kwa leso. Tukajifanya tunatafuta mtungi.

Alitufundisha kwa miaka. Mtihani wa darasa la nane niliufanyia mbele yake, nikiwa na ndevu, kati ya watoto walioniita babu, na nikapita, si kwa alama za kutikisa nchi lakini nilipita. Kabla ya hapo, mvua za mwaka uliofuata ule wa afisa zilipokoma, yeyo alitualika bomani kwake, njia ya kwenda Kajiado. Tulikwenda watatu: mwalimu, mimi na mswagaji kama mtafsiri, ingawa alichotafsiri zaidi ni utani wake mwenyewe. Tulipofika mwalimu akasalimia, akauliza kama ng'ombe ni wazima, kama majani yapo, kisha akanyamaza. Tulikunywa chai ya maziwa matupu. Nilimwona mara mbili akifungua mdomo na kuufunga.

Jioni ng'ombe wakarudi, na vumbi lao likiwa limegeuka dhahabu. Yeyo akamshika mwalimu mkono, akampitisha kati yao bila haraka, hadi kwa mmoja mweusi mwenye tumbo jeupe aliyekuwa akilamba ndama wake. Akaweka kiganja mgongoni pake.

“Ni huyu,” akasema. “Maziwa unakunywa kule Kitengela, ni ya huyu.”

Mwalimu hakuwa ameuliza. Akamgusa yule ng'ombe kwa ncha za vidole, kisha akauliza swali ambalo mgeni anaruhusiwa kuuliza.

“Ni ng'ombe gani huyu, yeyo?”

Yeyo akaanza na mama yake yule ng'ombe, na nyanya yake, na ukame aliozaliwa ndani yake. Tulikosa gari la mwisho, tukalala huko.